Mkurugenzi Anapojichumia Fursa ya Kampuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu nchi zinazofuata mfumo wa sheria uliochipuka Uingereza. Huko kanuni ilijengwa na majaji kwa karibu karne tatu kabla ya kuandikwa katika sheria za makampuni, kama kifungu cha 175 cha sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 na kifungu cha 146 cha sheria ya Kenya ya mwaka 2015. Kila nchi ina tofauti zake ndogondogo, kwa hiyo soma sheria ya kwenu kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Fursa ya kampuni ni kitu gani hasa?

Ni nafasi ya kupata mali, mkataba, habari au biashara ambayo mkurugenzi, kwa nafasi aliyonayo, alipaswa kuipeleka mezani kwa kampuni badala ya kuitia mfukoni mwake. Si lazima kampuni iwe imekwisha kuiomba, wala iwe imeahidiwa chochote. Swali la mahakama ni hili: je, mtu mwenye busara akiutazama mkasa mzima, angeona kuna uwezekano wa kweli kwamba maslahi ya mkurugenzi yaligongana na wajibu wake kwa kampuni? Akiuona, mkurugenzi amekwishaingia matatani kabla hata hatujauliza kama alikuwa na nia mbaya.

Kampuni haikuwa na pesa za kuichukua fursa hiyo. Kosa langu liko wapi basi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwashangaza hata wakurugenzi wakongwe. Tuitazame kesi yenyewe iliyolimaliza, Regal (Hastings) dhidi ya Gulliver, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1942.

Regal ilikuwa na jumba la sinema mjini Hastings. Wakurugenzi wake walitaka kukodi majumba mengine mawili ili wayauze yote matatu kwa pamoja, wakaunda kampuni tanzu ya kuyashika. Mwenye majumba akasema hatatoa mkataba wa pango mpaka mtaji uliolipwa wa kampuni tanzu ufike pauni 5,000, au wakurugenzi wenyewe wawe wadhamini wa kodi. Udhamini hawakuutaka. Regal nayo, kwa hesabu yao, isingeweza kutoa zaidi ya pauni 2,000. Ikakubaliwa kwamba Regal ichukue hisa 2,000 na hisa 3,000 zilizobaki zichukuliwe na watu wengine. Wakurugenzi wanne walichukua 500 kila mmoja kwa pesa zao wenyewe. Mwanasheria wa kampuni alichukua 500 kwa ombi la bodi. Mwenyekiti alitafuta watu wa nje wa kuchukua 500 za mwisho.

Haukupita muda mrefu hisa za Regal na za kampuni tanzu zikauzwa, na kila hisa ya kampuni tanzu ikaleta faida ya pauni 2, shilingi 16 na peni 1. Regal, ikiwa sasa mikononi mwa wamiliki wapya, ikaishtaki bodi ya zamani ikidai faida hiyo. Mahakama mbili za chini ziliwapa ushindi wakurugenzi, kwa kuwa walikuwa wametenda kwa nia njema na kampuni haikupoteza kitu. Mahakama ya juu ikapindua uamuzi huo. Wale wanne waliamriwa kurudisha faida yao yote, yaani pauni 1,402 na ushei kwa kila mmoja.

Mwenyekiti hakulipa, kwa sababu hisa hazikuwa zake na faida haikumfikia. Mwanasheria naye hakulipa, kwa sababu alinunua baada ya bodi kujua kila kitu na kumtaka anunue. Wale wanne walikuwa na njia ile ile ya kujinusuru mikononi mwao: wangewaita wenye hisa wa Regal katika mkutano mkuu, wakawaeleza, wakapewa azimio. Hawakufanya hivyo, pengine kwa sababu hawakuona haja, maana waliamini wanaisaidia kampuni.

Majaji walikiri waziwazi kwamba waliofaidika na hukumu hiyo ni wanunuzi wapya, ambao kwa namna fulani walirudishiwa sehemu ya bei waliyokubali kuilipa. Hilo halikuwazuia. Mdai alikuwa kampuni, na faida ilipatikana kwa sababu ya ukurugenzi na wakati wa ukurugenzi.

Si ukali uliopita kiasi huo?

Kwangu mimi ukali huo una sababu, ingawa naelewa anayeuona umezidi. Fikiria nani anajua kama kampuni ilikuwa na pesa au la. Ni mkurugenzi yule yule. Ndiye anayeijua benki, ndiye anayeandika makadirio, ndiye anayeweza kusema "hatuwezi" kabla mtu mwingine hajauliza. Sheria ikimruhusu kujitetea kwa udhaifu wa kampuni, inampa sababu ya kutohangaika kuutafuta mkopo. Katika kesi ya Regal hakuna aliyethibitisha kwamba juhudi zote za kupata zile pauni 3,000 zilifanyika.

Mzizi wa fikra hii ni wa mwaka 1726, katika kesi ya Keech dhidi ya Sandford. Mdhamini, hapa kwa maana ya mtu aliyekabidhiwa mali aitunze kwa faida ya mwingine, alishika mkataba wa pango la soko kwa niaba ya mtoto. Ulipokwisha, mwenye soko akakataa kata kata kumpa mtoto mkataba mpya, na mdhamini akauchukua kwa jina lake. Mahakama ilimwamuru amkabidhi mtoto mkataba pamoja na faida, ingawa mtoto asingeupata kwa njia nyingine yoyote. Bora ungeachwa upotee kuliko mdhamini kuupata.

Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliombwa ilegeze kamba, katika kesi ya Rukhadze dhidi ya Recovery Partners. Washtakiwa walitaka wapewe nafasi ya kuonyesha kwamba faida ile ile wangeipata hata kama wasingevunja uaminifu. Jopo la majaji 7 lilikataa. Kanuni bado ni ile ile: hatuulizi ingekuwaje, tunauliza faida hii imetoka wapi.

Habari ilinifikia mimi binafsi, nje ya kazi. Bado ni ya kampuni?

Mara nyingi ndiyo. Bwana Cooley alikuwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya ujenzi na usanifu iitwayo IDC. Alikuwa msanifu majengo mwenye jina. Shirika la umma la gesi lilikuwa limekwisha kuikataa IDC kwa sababu halikupenda kufanya kazi na kampuni za aina hiyo. Baadaye likamwendea Cooley yeye mwenyewe. Naye akaiambia kampuni kwamba ni mgonjwa, akaachiliwa mapema kutoka katika mkataba wake wa ajira, akaichukua kazi.

Jaji alikadiria, mwaka 1972, kwamba nafasi ya IDC kuupata mkataba huo haikuzidi asilimia 10. Hata hivyo Cooley aliamriwa kutoa faida yote. Alipozungumza na shirika lile alikuwa bado mkurugenzi mtendaji, na alichokisikia pale kilikuwa habari ambayo kampuni ilikuwa na haki ya kuijua.

Kesi ya Bhullar ya mwaka 2003 iliisukuma kanuni mbele zaidi. Kampuni ya familia mbili ilikuwa na kiwanja, na karibu nacho kulikuwa na jengo lenye eneo la kuegesha magari. Familia zilikuwa zimekorofishana, na bodi ilikwisha kukubaliana kwamba kampuni isinunue mali nyingine. Mmoja wa wakurugenzi akabaini kwamba jengo la jirani linauzwa. Yeye na ndugu yake wakalinunua kupitia kampuni yao nyingine bila kusema neno. Mahakama ya Rufaa iliamuru jengo lihamishiwe kwa kampuni kwa bei ile ile waliyolinunulia. Kwamba bodi ilikwisha kusema hainunui hakukuwaokoa: kwa jengo la jirani kama lile, kampuni huenda ingebadili mawazo, na ilistahili kuulizwa.

Nikijiuzulu kwanza, niko huru?

Inategemea kwa nini umejiuzulu. Kuacha ukurugenzi ni haki yako, na kuanzisha biashara shindani baada ya hapo ni haki yako pia, isipokuwa kama mkataba wako unakuzuia. Ujuzi ulio kichwani ni wako. Ambacho hukibebi ni fursa iliyokuwa inaiva ukiwa bado ndani.

Mfano mzuri ni kesi ya Canaero, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1973. Maofisa wawili wa ngazi za juu walishughulikia kwa muda mrefu mradi wa kupima na kuchora ramani za Guyana kwa niaba ya kampuni yao. Mradi ulipokaribia kutolewa wakajiuzulu, wakaunda kampuni yao, wakashinda zabuni ile ile. Mahakama iliangalia nafasi waliyokuwa nayo, jinsi mradi ulivyokuwa mahususi na umekomaa, walivyoujua, muda uliopita, na sababu ya kuondoka kwao. Wakawajibishwa.

Linganisha na Foster Bryant, kesi ya Uingereza ya mwaka 2007. Mkurugenzi alijiuzulu kwa sababu mwenzake alimchosha kwa ubabe na kumfukuza mke wake kazi. Mteja ndiye aliyemfuata baadaye akitaka aendelee kumhudumia. Hakuondoka ili achukue kazi, bali kazi ilimfuata. Alishinda.

Nani anaweza kuniruhusu?

Kwa kanuni ya zamani ni wenye hisa, baada ya kuelezwa kila kitu. Sheria za kisasa zimeongeza njia nyepesi. Kwa Uingereza, wakurugenzi wasio na maslahi katika kampuni binafsi wanaweza kutoa idhini kabla, ikiwa katiba ya kampuni haiwakatazi. Katika kampuni ya umma, katiba lazima iwe imeruhusu waziwazi. Mwenye maslahi hahesabiwi katika akidi, na kura yake haihesabiki.

Ruhusa huharibika kwa kasoro ya maelezo kuliko kwa kasoro ya kura. Kusema "kuna kiwanja nakifikiria" hakutoshi. Bodi inatakiwa ijue ni mali gani, bei gani, unatarajia nini, umeijuaje, nani mwenzako katika biashara hiyo, na kwamba unainunua wewe. Kisha iingie katika muhtasari wa kikao. Nimeona majadiliano ya kweli kabisa yakikosa thamani mahakamani kwa sababu yalifanyika kwenye simu, na muhtasari ulisema tu "mengineyo yalijadiliwa".

Sisi wakurugenzi ndio wenye hisa nyingi. Si tunaweza kujipitishia azimio baadaye?

Hapana, si kwa kitu ambacho tayari ni mali ya kampuni. Katika Cook dhidi ya Deeks, 1916, wakurugenzi watatu wa kampuni ya ujenzi ya Toronto walijadiliana na kampuni ya reli kana kwamba wanaitafutia kampuni mkataba, kisha wakautia saini kwa majina yao ili wamtoe mwenzao wa nne. Wakatumia wingi wa hisa zao kupitisha azimio kwamba kampuni haina maslahi katika mkataba huo. Baraza la Mahakama la London, lililosikiliza rufaa za Kanada wakati huo, likasema wingi wa kura haumpi mtu haki ya kujizawadia mali ya kampuni. Mkataba ulikuwa wa kampuni, na faida yake pia. Leo sheria ya Uingereza inakwenda mbali zaidi: kura za mkurugenzi mhusika na za watu wake wa karibu hazihesabiwi anaposafishwa kosa lake.

Kampuni inaweza kudai nini?

Tuchukue mfano. Kampuni inaendesha maghala. Mkurugenzi anasikia, katika mazungumzo na mteja wa kampuni, kwamba ghala la jirani litauzwa. Analinunua kwa 100 kupitia kampuni iliyoandikishwa kwa jina la mkewe. Miaka miwili baadaye lina thamani ya 160, na baada ya kuondoa gharama amekusanya kodi ya 12.

Njia ya kwanza ni kudai ghala lenyewe. Mahakama inaweza kutamka kwamba tangu mwanzo alilishika kwa amana ya kampuni. Kampuni itamrudishia 100 alizotoa, itachukua ghala na ile kodi ya 12. Kwa jumla imepata 72.

Njia ya pili ni hesabu ya faida. Kama ameshaliuza kwa 160, atatoa 60 ya mauzo na 12 ya kodi. Tarakimu zimefanana, lakini haki si sawa. Katika njia ya kwanza kampuni ni mwenye mali. Katika ya pili ni mdai tu, na mkurugenzi akifilisika itapanga foleni na wadai wengine. Ndiyo maana mawakili hupigania sana tamko la amana. Mwaka 2014, katika kesi ya FHR European Ventures iliyohusu kamisheni ya siri ya yuro milioni 10 katika ununuzi wa hoteli, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilithibitisha kwamba hata rushwa na kamisheni za siri ni mali ya amana. Amana ina nguvu nyingine: inafuata mali. Akiliuza ghala na kununua hisa kwa pesa hizo, kampuni inaweza kuzidai hisa.

Njia ya tatu ni fidia ya hasara. Tuseme kwa kulikosa ghala hilo kampuni ililazimika kukodi kwingine kwa bei ya juu na kupoteza mteja, hasara ya 85. Hapo fidia inaishinda faida. Kampuni haiwezi kuchukua 72 na 85 kwa kosa lile lile, ila ina haki ya kuona hesabu za mkurugenzi kwanza ndipo ichague. Kosa la kawaida ni kuchagua mapema, kabla hati za benki hazijatolewa.

Mke na kampuni yake je? Kama walijua ukweli, nao wanadaiwa. Mahakama haizuiliki na jina lililo kwenye hati.

Lakini nilifanya kazi kubwa. Jasho langu halihesabiwi?

Gharama halali hutolewa kwanza. Zaidi ya hapo, mahakama inaweza kukupa malipo ya haki kwa juhudi na ujuzi, lakini ni hiari yake, na asiye mkweli hapaswi kuitegemea sana. Katika Rukhadze washtakiwa walipunguziwa asilimia 25 ya faida, na bado walitakiwa kulipa takriban dola milioni 134.

Kwa biashara inayoendelea kuna ukomo mwingine. Faida ya mwaka wa kwanza huenda imetokana na fursa iliyochukuliwa, lakini ya mwaka wa kumi inatokana na mtaji na kazi mpya. Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Warman ya mwaka 1995, ilimwajibisha meneja aliyeondoka na uwakala wa mwajiri wake, lakini ikaikata hesabu kwenye faida ya miaka miwili ya mwanzo. Mzigo wa kuonyesha mahali pa kukata ni wa aliyevunja uaminifu.

Nani anashtaki, ikiwa bodi nzima inamlinda?

Wajibu ni kwa kampuni, kwa hiyo mdai wa kawaida ni kampuni. Tangu Foss dhidi ya Harbottle, 1843, mwanahisa hana haki ya kushtaki kila anapoona kampuni imeonewa. Lakini anaweza kuomba ruhusa ya mahakama afungue kesi kwa niaba ya kampuni, na kile atakachoshinda kitaingia kwa kampuni, si kwake. Jaji ataangalia kama anafanya kwa nia njema na kama wenye hisa wasio na maslahi wanaiunga mkono. Kwa uzoefu wangu kesi nyingi za namna hii hazianzishwi na wanahisa. Huanzishwa na mfilisi, au na wamiliki wapya wanaposoma mafaili, kama ilivyokuwa kwa Regal.

Ushahidi unapatikana wapi?

Katika tarehe. Panga kwa mstari mmoja siku habari ilipoingia, siku kampuni mpya ilipoandikishwa, siku ofa ilipotolewa, siku ya kujiuzulu, na siku mkataba uliposainiwa. Kampuni mpya ikiwa imeandikishwa kabla ya barua ya kujiuzulu, maelezo ya upande wa pili yatakuwa na kazi ngumu. Kisha tafuta barua pepe ambayo mteja alituma kwa anwani ya kampuni na jibu likatoka anwani binafsi. Tafuta pia mradi uliokuwa kwenye ajenda kikao kimoja, ukatoweka kikao kilichofuata bila uamuzi.

Ukishaona dalili hizo, omba zuio kabla mali haijauzwa, na usikae nayo. Mwenye kujua akanyamaza kwa miaka huku mwenzake akiwekeza anaweza kukataliwa na mahakama.

Kila mahali ni hivi hivi?

Hapana. Delaware, Marekani, ambako kampuni nyingi kubwa zimeandikishwa, huuliza maswali ambayo Regal iliyakataa. Katika Guth dhidi ya Loft, 1939, rais wa Loft, kampuni ya pipi, alipoteza hisa zake za Pepsi-Cola kwa kuwa biashara ile iliangukia katika njia ya biashara ya Loft, na aliijenga kwa pesa na watu wa Loft. Lakini mahakama ile ile inauliza kama kampuni ilikuwa na uwezo wa kifedha, na katika kesi ya Broz ya mwaka 1996 mkurugenzi alishinda kwa sababu kampuni yake haikuwa na uwezo wala nia. Majaji walisema kuipeleka fursa kwenye bodi si sharti, ila ni kinga nzuri. Anayekaa kwenye bodi za nchi mbili aangalie kila kampuni imeandikishwa wapi kabla ya kutegemea utetezi wa "haikuwa na pesa".